Vinywaji Baridi, Koo na Mafua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, kinywaji baridi kinaleta mafua?

Hapana. Mafua huletwa na virusi, na virusi havizaliwi ndani ya chupa ya soda kwa sababu imekaa kwenye friji. Aina za virusi vinavyoweza kuleta mafua ya kawaida zimepita 200, na vinavyoongoza ni vile vinavyoitwa rinovirusi. Vyote hutoka kwa mtu na kumwingia mtu, kwa njia ya matone ya chafya na kikohozi, au kwa mkono uliogusa kamasi kisha ukagusa pua au jicho. Mtu ambaye hajaingiwa na kirusi anaweza kunywa maji ya barafu tangu asubuhi hadi usiku na asipate mafua, na mtu aliyeingiwa nacho anaweza kuugua huku akinywa chai ya moto peke yake.

Jibu hilo fupi ni sahihi, ila haliwaridhishi watu wengi, na si haki kuwalaumu. Kila muuza duka kuanzia Tanga hadi Mtwara anamwuliza mteja wake, “Ya baridi au ya moto?”, akimaanisha soda iliyotoka kwenye friji au iliyokaa juu ya rafu, na wazazi wengi humchagulia mtoto ya moto kwa sababu wameona kwa macho yao kilichotokea siku alipokunywa ya baridi. Walichokiona ni cha kweli. Kinachohitaji kuangaliwa upya ni namna walivyokiunganisha, na ndiyo maana swali linalofuata limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Mwanangu alikunywa soda baridi Jumamosi, na Jumapili asubuhi koo likaanza kuuma. Hilo nalo ni la bahati?

Tuchukue mfano mmoja na tuhesabu saa zake. Mtoto wa darasa la pili anapelekwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binamu yake Jumamosi. Saa kumi jioni anakunywa soda iliyotoka kwenye ndoo ya barafu. Jumapili saa moja asubuhi anaamka akilalamika kwamba koo linakereketa, mchana anaanza kutoa kamasi, na jioni anakohoa. Kati ya soda na koo kuuma zimepita saa 15, na mama yake anasema alichosema bibi yake: ni ile soda.

Kirusi cha mafua hakimwuguzi mtu papo hapo. Kikishaingia puani huzaliana kwanza, na dalili za awali huonekana baada ya saa 12 hadi siku 3 hivi. Tukihesabu kurudi nyuma kutoka Jumapili saa moja asubuhi, tunapata kwamba kirusi kiliingia wakati fulani kati ya Alhamisi asubuhi na Jumamosi jioni. Sasa tujiulize mtoto huyo alikuwa wapi katika siku hizo. Alhamisi na Ijumaa alikaa dawati moja na wenzake wawili au watatu, akapanda daladala akishika chuma kilichoshikwa na abiria waliotangulia, na Jumamosi alicheza na watoto 20 kwenye ua mmoja, wakishikana mikono, wakipokezana puto. Katika kundi la watoto 20 ni vigumu kukosa mmoja mwenye kamasi. Kirusi kilikuwa na nafasi nyingi za kuingia, na nyingi kati ya hizo zilitangulia soda.

Yako mambo mengine mawili yanayotia nguvu dhana ya kwamba ni soda, nayo hayaonekani kwa urahisi. La kwanza ni kwamba mafua mara nyingi huanzia kooni. Kabla ya kamasi kutoka, mtu huhisi ukavu na mkwaruzo, na kwa kuwa koo ndiyo njia aliyopitia kinywaji jana yake, akili huenda huko moja kwa moja. La pili ni kwamba mtu anayeanza kuugua anaweza kutamani kitu cha baridi. Mtoto aliyeng’ang’ania soda ya baridi Jumamosi jioni huenda mwili wake ulikwisha anza kuchemka kidogo, kwa hiyo ugonjwa ndio uliomwongoza kwenye soda, na sisi tunasoma habari hiyo kinyume.

Mwisho, mama huyo angewauliza wazazi wengine. Watoto waliokunywa soda kutoka kwenye ndoo ileile ya barafu ni zaidi ya kumi, na wengi wao waliamka salama. Wala yeye mwenyewe hakumbuki zile Jumamosi nyingine nyingi ambazo mwanawe alikunywa ya baridi na lisitokee lolote, kwa sababu siku isiyo na tukio haina cha kukumbukwa.

Kama ipo lawama ya kuibeba sherehe ile, ni kubadilishana. Watoto wanaonyonya mrija mmoja na kunywea kikombe kimoja wanapeana mate na kamasi, na hilo lina hatari ileile hata kama ndani ya kikombe mna uji wa moto uliopoa.

Imani hii ilitoka wapi?

Katika Pwani yetu ina mizizi mirefu, na ni vema ieleweke kabla ya kukosolewa. Tiba ya zamani iliyofika kwetu kwa njia ya waganga na wanazuoni wa Kiarabu, ambao nao waliipokea kutoka kwa Wayunani, ilifundisha kwamba mwili una vimiminika vinne, na kwamba kila chakula na kila maradhi vina tabia ya joto au baridi, ya ukavu au unyevu. Mmojawapo wa vimiminika hivyo ni balghamu, kilichohesabiwa kuwa cha baridi na unyevu. Neno hilo bado tunalo kwa maana ya makohozi. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, mtu akiongeza vitu vya baridi, balghamu huzidi, na ikizidi humwagikia puani, kooni na kifuani.

Lakini “baridi” ya tiba hiyo haikuwa baridi ya friji. Maji ya dafu huhesabiwa kuwa baridi hata kama dafu limeanikwa juani, na tangawizi huhesabiwa kuwa ya joto hata ikiwekwa ndani ya juisi yenye barafu. Ilikuwa ni tabia ya kitu. Wazee wetu walikunywa maji ya mtungini, ambayo hupoa kwa sababu maji yanayovuja kwenye vinyweleo vya udongo hukauka na kuondoka na joto, na hawakuyaona kuwa sumu ya koo. Friji zilipoingia majumbani, fundisho la zamani likahamishiwa kwenye kitu ambacho halikukitungiwa, na joto la kinywaji likachukua nafasi ya tabia yake. Nadhani ndiyo sababu imani hii inasemwa kwa uhakika mkubwa kiasi hicho: ina sauti ya mababu, ingawa chupa yenyewe ni ya juzi.

Je, jambo hili limewahi kupimwa, au ni maneno ya madaktari tu?

Limepimwa, na kwa njia ambazo leo zinashangaza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilianzisha kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury, kikafanya kazi kuanzia mwaka 1946 hadi 1990. Watu wa kujitolea walikwenda kukaa pale kwa siku kadhaa wakiwa wametengwa, wakatiwa matone puani na kufuatiliwa. Katika jaribio moja maarufu, baadhi yao walioga maji ya moto, kisha wakasimama kwenye ujia wenye upepo wakiwa na nguo za kuogelea zilizolowa, na baada ya hapo wakavaa soksi mbichi. Waliobaridishwa hivyo bila kupewa virusi hawakupata mafua. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio jingine, ambamo watu waliotiwa rinovirusi waliwekwa kwenye baridi katika nyakati mbalimbali za ugonjwa, na baridi haikuonekana kuongeza wala kuzidisha mafua.

Ikiwa mwili mzima uliolowa na kutetemeka haukuzaa mafua pasipo kirusi, ni vigumu kuamini kwamba glasi moja ya maji ya friji ingeweza.

Kwa hiyo wazee walikosea kabisa?

Sivyo, na kusema hivyo kungekuwa ni kukimbilia upande wa pili. Kuna mambo matatu ambayo utafiti umeyakuta yakielekea upande wao, na kila moja lina mpaka wake.

La kwanza lilitoka Chuo Kikuu cha Cardiff mwaka 2005. Watu 180 waligawanywa katika makundi mawili. Wenye zamu ya baridi, 90, walitumbukiza miguu kwenye maji ya nyuzi 10 za Selsiasi kwa dakika 20, na 90 wengine wakaweka miguu yao kwenye beseni tupu wakiwa wamevaa soksi na viatu. Katika siku 4 au 5 zilizofuata, 13 kati ya waliobaridishwa walisema wana mafua, na 5 kati ya wale wengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwili ukibaridishwa, mishipa ya damu puani husinyaa, ulinzi hupungua, na kirusi ambacho kilikuwa tayari kimejificha humo hupata nafasi ya kujitokeza. Tuzingatie hapa kwamba watu waliripoti wenyewe dalili zao, virusi havikupimwa kwenye maabara, na kilichobaridishwa ni miguu kwa dakika 20. Hakuna aliyepewa kinywaji.

La pili linahusu rinovirusi wenyewe. Virusi hivi huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzi 33, ambazo ni joto la ndani ya pua, kuliko kwenye nyuzi 37 za ndani ya mwili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia seli za panya, ulionyesha kwamba sehemu ya sababu ni kwamba seli zilizopoa hujikinga kwa unyonge. Hili linatusaidia kuelewa kwa nini hewa ya kipupwe inaweza kumpa kirusi nafasi. Linahusu hewa tunayoivuta puani saa zote, si funda la maji linalopita kooni kwa sekunde chache na kupata joto la mwili kabla halijatulia tumboni.

La tatu ndilo linalogusa vinywaji moja kwa moja, na kwangu ndilo lenye uzito. Mwaka 1978 watafiti huko Miami waliwapa watu 15 wenye afya maji ya moto, supu ya kuku ya moto na maji baridi kwa nyakati tofauti, wakapima kasi ya kamasi inavyosogea puani. Maji ya moto na supu viliiongeza kasi hiyo kwa muda. Nusu saa baada ya maji baridi, kasi ilikuwa imeshuka kutoka milimita 7.3 kwa dakika hadi 4.5. Kamasi inayosogea polepole huhisiwa kama kamasi nzito, na mtu ambaye tayari ana mafua anaweza kweli kuhisi kwamba kitu baridi kimemziba. Mzee anayesema “usimpe maji baridi, ana mafua” amegusa jambo lililopo. Kinachokosewa ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba maji hayo ndiyo yaliyoleta mafua.

Mimi koo hunikereketa kila ninapokunywa kitu baridi. Je, ninajidanganya?

Hujidanganyi. Ila kukereketa si kuugua. Mkereketo wa baridi huja papo hapo na kuondoka ndani ya dakika chache, hauna homa, na hauambatani na kamasi wala uchovu. Ukikaa siku 3, au ukikuacha na mafindofindo yaliyovimba, tafuta sababu nyingine.

Inafaa pia kuchunguza kama kinachokukereketa ni baridi au ni kinywaji chenyewe. Soda ina gesi na tindikali, na mtu mwenye kiungulia kinachopanda hadi kooni ataumizwa nayo iwe ya moto au ya baridi. Njia rahisi ya kujua ni kunywa maji matupu ya friji siku moja, na siku nyingine soda iliyokaa nje ya friji, kisha ulinganishe. Baadhi ya wenye pumu nao hukohoa wanapokunywa kitu cha baridi sana, kwa sababu njia zao za hewa ni nyepesi kusinyaa. Hao wana sababu ya haki ya kujiepusha. Mwenye kuhisi kwamba maji baridi yanamkwama kifuani kila mara, na chakula nacho hakishuki vizuri, amwone daktari, kwa kuwa hilo ni tatizo la umio na halihusiani na mafua.

Nikiwa tayari ninaumwa koo, ninywe moto au baridi?

Kunywa kinachokupa nafuu, mradi unywe. Mwaka 2008 watafiti wa Cardiff waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji kilekile cha matunda, kwa wengine kikiwa cha moto na kwa wengine kikiwa na joto la chumbani. Wote walipata nafuu ya kamasi, kikohozi na chafya, lakini waliokunywa cha moto walipata pia nafuu ya koo, ya kuhisi baridi na ya uchovu. Pua zilipopimwa, hazikuwa zimefunguka zaidi kwa kinywaji cha moto. Watu walijihisi nafuu tu. Basi chai ya tangawizi ya bibi inastahili sifa yake, ilimradi tusidai kwamba inaua virusi.

Baridi nayo ina kazi yake. Hupunguza hisia za maumivu, na ndiyo sababu watoto waliotolewa mafindofindo hospitalini hupewa vitu vya kugandishwa wavilambe. Mtoto mwenye vidonda vya koo anayekataa uji na chai, lakini akakubali kulamba barafu ya juisi, amepewa maji aliyoyahitaji. Kumnyima kwa kuogopa baridi, huku midomo ikikauka na mkojo ukipungua, ni kumtoa kwenye hofu isiyo na msingi na kumwingiza kwenye hatari iliyo wazi.

Asali kijiko kimoja hutuliza kikohozi cha usiku, lakini mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe kabisa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoleta botulismi, ugonjwa wa kupooza misuli, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuwazuia.

Nimeambiwa mjamzito akinywa maji baridi, mtoto atazaliwa na nimonia. Ni kweli?

Si kweli, na hesabu yake si ngumu. Glasi ya maji ya mililita 250 yenye nyuzi 5, ikipashwa hadi nyuzi 37, inahitaji takribani kilokalori 8 za joto. Hata kama joto hilo lote lingetolewa kwa mara moja kwenye mwili wa mama mwenye kilo 60, joto lake lingeshuka kwa chini ya nyuzi 0.2, na mwili wake hulizalisha upya ndani ya dakika chache. Maji hayamfikii mtoto, na baridi yake huishia tumboni mwa mama, si katika mfuko wa uzazi.

Nimonia ya mtoto mchanga husababishwa na bakteria na virusi. Anayetaka kumkinga mwanawe atafute mambo yanayofanya kazi: kumnyonyesha, kukamilisha chanjo, na kumtoa kwenye jiko lenye moshi wa kuni au mkaa. Pia mtu mwenye mafua asimbusu wala kumpumulia usoni.

Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, apelekwe bila kungoja kucha.

Kikohozi hakikomi na jirani anasema ni kimeo, kikatwe. Nifanye nini?

Usikubali kikatwe. Kimeo ni kinyama kile kinachoning’inia nyuma ya kinywa, na kila mtu anacho. Kinaweza kuvimba mafua yanapovimbisha koo zima, kisha kikarudi hali yake. Kukikata nyumbani au kwa mganga kumesababisha watoto kutokwa na damu nyingi, kupata maambukizi na hata kufa, na kikohozi chenyewe hakiponi kwa sababu hakikutoka hapo. Naliweka swali hili hapa kwa kuwa mlolongo wake ni uleule: mtoto amekunywa baridi, baridi imeshusha kimeo, kimeo kimeleta kikohozi. Kiungo cha kwanza kikikatika katika fikra zetu, kisu nacho hakina tena sababu.

Nitajuaje kwamba koo linalouma linahitaji dawa?

Hapa ndipo kusingizia soda kunapoleta madhara makubwa kuliko mahali pengine popote. Sehemu kubwa ya maumivu ya koo huletwa na virusi na huisha yenyewe ndani ya wiki moja. Lakini kwa watoto, kama 2 au 3 kati ya 10 huwa na bakteria aina ya streptokoka kundi A, na hao wana sura yao.

Koo la streptokoka huanza kwa ghafla. Homa hufika nyuzi 38 na kupita. Mafindofindo huwa mekundu, mara nyingi yakiwa na madoa meupe ya usaha, na tezi za mbele ya shingo huvimba na kuuma zikibonyezwa. Jambo la kuzingatia zaidi ni lile lisilokuwepo: mtoto hakohoi wala hana kamasi. Kukohoa, kamasi, sauti kukauka na macho mekundu huelekeza kwenye virusi. Umri unaopatwa zaidi ni miaka 5 hadi 15. Dalili peke yake hazitoshi kuthibitisha, kwa hiyo mhudumu wa afya ataangalia koo, na kama kipimo kipo atachukua ute kwa pamba.

Ikiachwa bila dawa, maambukizi haya yanaweza, wiki 2 au 3 baadaye, kuamsha homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba na kuuma kwa kuhama kutoka goti hadi kifundo, na valvu za moyo hushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Afrika Mashariki bado inao vijana wengi wenye valvu zilizoharibika kwa njia hii, na baadhi yao hawakumbuki kuumwa koo kwa namna ya kutisha. Kinga ipo na ni ya bei ndogo: penisilini au amoksilini ya kumeza kwa siku 10, au sindano moja ya benzathini penisilini. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado inazuia homa hiyo. Siku 9 ni nyingi, lakini hupita upesi kwa familia inayosema, “Ni ile aiskrimu, asukutue maji ya chumvi atapona.” Maji ya chumvi hutuliza, wala sina ugomvi nayo. Hayaui streptokoka.

Kwa upande mwingine, mtu asiende duka la dawa kujinunulia vidonge vinne vya amoksilini kwa ajili ya mafua yenye kamasi. Dawa hiyo haigusi virusi, na dozi ya nusunusu huwafundisha bakteria kuizoea.

Baada ya kufunga mchana kutwa, kufuturu na juisi ya baridi kunaharibu koo?

Koo la mfungaji huwa kavu jioni, na kitu kikavu huhisi mkwaruzo wa chochote kinachokigusa. Kuanza na tende na maji yasiyo baridi sana ni raha zaidi kwa wengi. Aliyezoea juisi ya ukwaju yenye barafu na haimsumbui hana sababu ya kitabibu ya kuiacha, zaidi ya kuangalia sukari iliyomo. Mafua mengi ya Ramadhani yana maelezo yaliyo karibu zaidi, nayo ni watu wengi kukaa pamoja usiku mrefu na kulala saa chache.

Basi barafu haina neno lolote?

Ina neno, ila si la koo. Barafu ni maji, na ni safi kwa kadiri maji yalivyokuwa safi kabla ya kuganda. Kugandisha hakuui kwa uhakika vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A. Vingi hulala tu, na barafu ikiyeyuka kwenye glasi huamka. Mtu anaweza kununua soda iliyofungwa kiwandani, salama kabisa, kisha akaimimina juu ya mabonge yaliyovunjwa kwa nyundo kwenye gunia lililowekwa chini.

Ugonjwa wa namna hiyo hujitambulisha kwa tumbo: kuharisha, kutapika, au homa isiyoshuka kwa siku nyingi. Anayehara maji mengi meupe kama maji ya mchele baada ya kunywa juisi ya barafu ya barabarani apewe maji ya chumvichumvi mara moja na apelekwe kituoni.

Kwa barafu za ubuyu na ukwaju zinazotengenezwa nyumbani, maji yachemshwe hadi yatokote, yafunikwe yapoe, na ubuyu uchanganywe kwa mikono iliyonawa kwa sabuni ndani ya chombo kisafi kabla ya kufungwa kwenye vikombe na kugandishwa. Mtoto akinunua kwa jirani, swali la kumwuliza jirani ni kama aliyachemsha maji.